Wiki ya saba, kipimo cha tumboni kinaonyesha kifuko kitupu. Naambiwa nipime cha ndani. Altrasaundi ngapi zinatosha jamani?

MtarajiwaChanika
Habari za humu wakuu. Naomba mnisaidie kabla ya Alhamisi maana nimechanganyikiwa.

Hii ni mimba yangu ya kwanza. Nikihesabu kuanzia siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, leo nina wiki 7 na siku 1. Jana nilikwenda zahanati ya jirani, nikanyweshwa maji mpaka kibofu kikajaa, nikapakwa jeli tumboni. Mpimaji akasema anaona kifuko ila ndani hakuna mtoto. Karatasi yangu imeandikwa "GS 12 mm" na chini yake "no fetal pole". Akaniambia mimba haijakua, nirudi Alhamisi nikasafishwe. Damu sijaona hata tone, matiti yanauma, kichefuchefu kipo.

Dada yangu anasema niende hospitali kubwa wanipime kwa ndani, kupitia ukeni. Mume wangu hataki kusikia, anaogopa kile kifaa kitachokonoa mimba. Mama mkwe naye anasema nimeshapimwa mara mbili (ya kwanza ilikuwa wiki ya tano, hawakuona kitu), ya tatu nitamuunguza mtoto. Dada huyohuyo mwenyewe ana miezi saba na ameshalipia picha za 3D zile za kuona sura. Kwa hiyo maswali yangu ni mawili: cha ndani ni salama? Na mwisho ni mara ngapi?

ShangaziTanga
Pole mwanangu. Mimi nina watoto watano na sikupimwa zaidi ya mara moja kwa kila mmoja, wote wazima. Ile ni mionzi, isizidi mara tatu kwa mimba nzima. Ndivyo tulivyofundishwa kliniki. Na miezi mitatu ya mwanzo usiguse kabisa, mtoto bado laini.

Kidume_wa_Kigoma
Wakuu nadandia hapohapo. Altrasaundi inaonyesha jinsia kuanzia wiki ya ngapi? Wife ana wiki 9, nataka kujua mapema nijipange.

MpimajiMwanza
Kidume, wiki 9 hakuna mtu atakayekuambia ukweli, wa kike na wa kiume wanafanana kabisa. Subiri ile ya wiki 18 hadi 22. Tumwachie dada uzi wake.

Mtarajiwa, mimi kazi yangu ndiyo hiyo, nashinda kwenye chumba chenye giza napima matumbo. Usiende kusafishwa Alhamisi. Nasema hivyo bila kukuahidi kwamba mimba iko salama, kwa sababu hilo hakuna anayelijua bado, hata huyo aliyekupima.

Kifuko cha milimita 12 kilichoonekana kwa kipimo cha tumboni hakitoshi kutoa hukumu. Mimba haitangazwi kwamba imekufa mpaka kipimo cha ndani kionyeshe kifuko cha wastani wa milimita 25 au zaidi bila mtoto ndani, au mtoto mwenye urefu wa milimita 7 au zaidi bila mapigo ya moyo. Chini ya hapo jibu ni moja tu: bado haijulikani, rudi baada ya siku saba au zaidi tulinganishe. Zamani mipaka ilikuwa chini, wengine walikata shauri kwenye milimita 16 za kifuko na 5 za mtoto. Ikaja kuonekana kwamba kwa mipaka ile kuna mimba nzima zilikuwa zinaondolewa. Waingereza wakaipandisha 2011, wataalamu wa Marekani wakafuata 2013. Shida ni kwamba si kila aliyesoma kabla ya hapo amerudi darasani.

Sasa nikuulize: hedhi yako huja kila baada ya siku ngapi?

MtarajiwaChanika
Asante sana kaka, au ni dada? Yangu haiji siku 28. Ni 35, 36, kuna mwezi ilifika 38.

MpimajiMwanza
Dada. Nilihisi tu.

Hesabu ya wiki 7 na siku 1 inachukulia kwamba yai lako lilitoka siku ya 14. Kwa mzunguko wa siku 36 yai hutoka karibu siku ya 22, yaani siku nane nyuma. Ukizitoa siku nane, mimba yako leo ina wiki 6 kamili. Sasa angalia kifuko. Sisi tuna hesabu ya haraka: milimita za kifuko jumlisha 30 unapata umri kwa siku. 12 na 30 ni 42, ndiyo wiki 6 hizo. Hata ile ya wiki ya tano kutoona kitu inaelezeka, kwa sababu ulikuwa na wiki nne zako hivi, na wiki ya nne hata kipimo cha ndani mara nyingi hakioni kitu.

Wiki 6 kamili mtoto ana milimita moja au mbili, amelala pembezoni mwa kifuko. Ukimtafuta kwa juu ya tumbo unaweza usimwone kabisa na awepo. Sauti inayopita tumboni lazima ivuke ngozi, mafuta, misuli na kibofu, kwa hiyo inatumika ile ya mawimbi mazito, yanayofika mbali lakini hayachori vitu vidogo vizuri. Kifaa cha ndani kinakaa sentimita chache tu kutoka kwenye kizazi, kinatumia mawimbi mepesi zaidi yasiyofika mbali ila yanachora mpaka milimita. Kwa ujumla cha ndani kinaona kila hatua kama wiki moja mapema kuliko cha tumboni.

Zaituni_Z
Naunga mkono cha ndani kwa sababu nyingine. Mimi wa tumboni waliniambia hawaoni kitu, mimba changa, nirudi baada ya wiki mbili. Nilikuwa na maumivu upande mmoja, wa kushoto. Siku ya nne nikaanguka chooni. Mimba ilikuwa kwenye mrija na umeshapasuka, tumbo limejaa damu, nikafanyiwa operesheni usiku uleule. Wangenipima ndani siku ile ya kwanza labda wangeona.

MpimajiMwanza
Pole sana Zaituni. Na hilo ndilo la maana kuliko yote kwenye uzi huu. Mtarajiwa, kwako kifuko kimeonekana ndani ya kizazi, hiyo ni habari nzuri, ila dada zangu wengine mnaosoma: kipimo cha mkojo kikisema una mimba na kizazi kikaonekana kitupu, hilo si jambo la kuambiwa rudi baada ya wiki mbili halafu basi. Ukipata maumivu makali upande mmoja, kizunguzungu, au maumivu kwenye ncha ya bega, nenda hospitali muda huohuo, hata kama ni saa nane za usiku.

BabaMapacha_Msa
Niko Mombasa. Mimi nataka kumjibu Shangazi kwa heshima. Mke wangu alibeba mapacha wanaotumia kondo moja. Kuanzia wiki ya 16 alikuwa akifanyiwa skani kila wiki mbili mpaka akajifungua, kwa sababu mapacha wa aina hiyo mmoja anaweza kumnyonya mwenzake damu. Kama kikomo kingekuwa tatu, hao watoto hatungekuwa nao leo. Wana miaka sita sasa na kelele zao majirani wanazijua.

ShangaziTanga
Mwanangu wako walikuwa na shida, ndiyo maana. Mimi nasema kwa mzima. Na kwa nini basi ukienda kupiga picha ya kifua mjamzito anakatazwa?

MpimajiMwanza
Shangazi shikamoo. Picha ya kifua ni eksirei, ile ndiyo mionzi. Altrasaundi ni sauti tu, nyembamba kiasi kwamba sikio haliisikii. Mionzi ya eksirei ndiyo yenye hesabu ya kulimbikizwa. Sauti haikai mwilini, ukizima mashine imeisha.

Lakini Shangazi ana nusu ya ukweli na sitaki tumcheke. Sauti ikiingia kwenye nyama sehemu yake hugeuka joto. Kwa picha ya kawaida, nyeusi na nyeupe, joto hilo ni dogo sana. Ukiwasha dopla, ile inayokusikilizisha mapigo ya moyo au kuchora grafu ya damu, nguvu inaelekezwa sehemu moja na joto linapanda. Ndiyo maana wiki za mwanzo hatupendi kuiwasha bila sababu. Mapigo yanapimwa kwa mstari wa M, kwenye skrini umeandikwa "M-mode", unaona moyo umejichora kama mawimbi na mashine inahesabu yenyewe. Huhitaji kuusikia.

Kwa hiyo hakuna namba. Shirika la Afya Duniani linataka kila mjamzito apate angalau kipimo kimoja kabla ya wiki 24, kwa ajili ya kujua umri wa mimba, mapacha na kasoro. Hilo moja ni la chini, watu wanalisoma kama kikomo. Ukweli wa kikomo uko kwenye pembe ya skrini: kuna herufi "TI" na namba. Ni kipimo cha joto. Waingereza wanasema ikiwa 0.7 au chini, mjamzito unaweza kumpima bila kubanwa na saa. Ikipanda juu ya hapo muda unaanza kupunguzwa, na ikizidi 3 usimpime kabisa. Kipimo cha kawaida cha tumbo mara nyingi husoma 0.1 au 0.2. Mara kumi za dakika tano kwa namba hiyo zinanisumbua kidogo kuliko mara moja ya dopla ndefu wiki ya saba.

BabaMapacha_Msa
Kuna utafiti wowote wa kupima watu mara nyingi makusudi?

MpimajiMwanza
Upo, Perth, Australia. Wanawake karibu elfu tatu, nusu wakapimwa mara tano pamoja na dopla, nusu mara moja tu, na baadaye kama kuna sababu. Matokeo ya 1993 yalishtua watu, maana waliopimwa sana walizaa watoto wadogo kidogo wengi zaidi. Wakawafuatilia watoto hao. Walipofika miaka minane hapakuwa na tofauti ya ukuaji, usemi wala akili, hayo yakatoka 2004. Mimi nalichukulia hivi: hakuna ushahidi wa madhara, lakini pia mashine za siku zile zilikuwa na nguvu ndogo kuliko nyingi za leo, kwa hiyo sijipi ruhusa ya kucheza nayo.

LadyMuscat
Hapa Oman nilipimwa karibu kila nilipokwenda kwa daktari binafsi, na 3D juu. Mtoto wangu ana afya kama farasi. Watu wanaogopa bure. Mtarajiwa, mwache dada yako afurahie sura ya mwanawe.

Zaituni_Z
Lakini si nilisikia 3D ina nguvu mara tatu ya ile ya kawaida?

MpimajiMwanza
Hapana Zaituni. 3D ni vipande vingi vya picha ya kawaida ambavyo kompyuta inaviunganisha na kuvitia mwanga. Sauti ni ileile. Tatizo langu na zile studio ni muda na mtu aliyeshika kifaa. Mimi nikitaka sura naipata kwa dakika mbili mtoto akiwa amekaa vizuri, au siipati. Studio umeshalipa, kwa hiyo anazunguka dakika 40 akitafuta uso. Na anayezunguka anaweza kuwa hajui kusoma hiyo TI. Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani imekuwa ikiwaonya watu wasipime kwa ajili ya kumbukumbu tu, na sababu yao ndiyo hiyo, hakuna anayedhibiti muda wala faida ya kitabibu.

La pili linaniuma zaidi. Mama anatoka pale na albamu, anaamini mtoto amekaguliwa. Hajakaguliwa. Hakuna aliyehesabu vyumba vya moyo, aliyeangalia uti wa mgongo, wala kondo limekaa wapi. Nimewahi kupokea mama wa wiki 33 mwenye picha nzuri kabisa za sura, na kondo limefunika mlango wa kizazi. Hakuna aliyemwambia.

LadyMuscat
Basi tatizo ni studio mbaya, si 3D. Kwangu daktari alimaliza ukaguzi wote ndipo akanipa sura kama zawadi, dakika moja hivi.

MpimajiMwanza
Hapo tuko pamoja kabisa. Afanye hivyo kila mtu, sina ugomvi. Na mwambie dada wa Mtarajiwa awahi, wiki 26 hadi 32 ndizo nzuri. Baada ya hapo kichwa kinashuka, maji yanapungua mbele ya uso na picha inatoka kama mtoto amekandamizwa kwenye kioo. Kondo likiwa limekaa mbele au mtoto akigeukia mgongo wa mama, hata Muscat hutapata sura.

MtarajiwaChanika
Nimesoma yote. Nimeongea na mume wangu usiku huu, nimemsomea ile ya milimita 25 akanyamaza. Anachouliza bado ni kile kifaa kinaingia mpaka wapi.

MpimajiMwanza
Kinakaa ukeni, hakivuki mlango wa kizazi, na mlango huo umefungwa. Mimba iko upande wa pili. Kifaa ni chembamba, kinavalishwa kondomu mpya na jeli. Kama mpira unakuwasha mwili waambie kabla. Tofauti na cha tumboni, hiki unakojoa kwanza, kibofu kikiwa tupu ndiyo picha inakuwa nzuri. Unaweza kukiingiza mwenyewe kwa mkono wako, wengi wanaona nafuu hivyo. Una haki ya kuomba mpimaji mwanamke, na kama hayupo, muuguzi mwanamke asimame humo ndani, au mumeo aingie naye aone. Ukisikia maumivu sema, inasimamishwa. Kuna wanaoona damu kidogo baadaye, hasa wale waliokuwa wanatoka damu tangu mwanzo, na mume akisikia hivyo anasema tuliwaambia. Lakini kipimo hakiiharibu mimba.

ShangaziTanga
Mimi bado nasema mwali wa mimba changa asiguswe. Ila kusafishwa bila uhakika, hapana, hapo hata mimi nakataa. Nenda mwanangu.

MtarajiwaChanika
MREJESHO. Nimepimwa ndani leo, hospitali ya mkoa. Mume aliingia. Kifuko kipo, ndani kuna kiduara kidogo walichosema ndicho kinamlisha mtoto mwanzoni, na pembeni yake kitu wamekipima "CRL 2.5 mm". Mpimaji alisema anaona kama kuna kitu kinadundadunda lakini haandiki moyo mpaka auone vizuri. Kaandika nirudi baada ya siku tisa. Zahanati wananipigia simu kila siku nirudi nikasafishwe, nimewaambia sitaki.

Siku tisa ni nyingi jamani. Hakuna kipimo cha damu cha kujua sasa hivi?

MpimajiMwanza
Kipo cha homoni ya mimba, unachukuliwa mara mbili ndani ya saa 48. Ila mtoto ameshaonekana ndani ya kizazi, kwa hiyo namba hiyo haitakuambia zaidi ya picha, itakunyima usingizi tu. Hiyo CRL ni urefu wa mtoto, na milimita 2.5 bila moyo wa uhakika bado ni mbali na 7. Kwa umri wako wa kweli, wiki 6 na siku 2 hivi, ndivyo inavyotakiwa kuonekana. Subiri. Damu nyingi au homa usisubiri.

Kidume_wa_Kigoma
Dada nakuombea. Na samahani kwa lile swali langu.

MtarajiwaChanika
MREJESHO wa pili. Nimepimwa asubuhi hii, cha ndani tena. CRL 11 mm, mapigo 141. Mpimaji alitaka kutusikilizisha, nikamwambia tunataka kuona tu, akacheka akaniuliza nani kanifundisha. Akaandika wiki 7 na siku 2, mashine. Mimi kwa hedhi nahesabu wiki 8 na siku 5. Sasa tarehe ya kujifungua nishike ipi? Mama mkwe anasema ya hedhi.

MpimajiMwanza
Alhamdulillahi! Shika ya leo. Umri unaopimwa kwa urefu wa mtoto kabla ya wiki 14 hukosea siku chache tu, na kwako tofauti na hedhi ni zaidi ya wiki, inalingana na mzunguko wako mrefu. Iandikwe kwenye kadi ya kliniki kwa kalamu. Mwezi wa nane au wa tisa mtu atakupima na mashine itampa tarehe nyingine kabisa, maana huko mwishoni inaweza kukosea hata wiki tatu. Usikubali aifute ya leo, wala usikubali kuanzishiwa uchungu kwa tarehe ya hedhi kwamba umepitiliza.

BabaMapacha_Msa
Hongera! Swali la mwisho Mpimaji: zile dopla ndogo za kununua mtandaoni, za kusikilizia moyo nyumbani, dada asinunue?

MpimajiMwanza
Asinunue. Joto lake ni dogo, hofu yangu ni nyingine. Miezi ya mwisho mama anaona mtoto hachezi, anaweka kifaa, anasikia kitu kinadunda, anatulia nyumbani. Kumbe ni mshipa wake mwenyewe. Mtoto akipunguza kucheza unakwenda hospitali.

LadyMuscat
Hilo sikubaliani nalo, mimi ninayo na ilinisaidia sana kupunguza wasiwasi. Ila najua utanijibu.

MtarajiwaChanika
Dada kaenda kwenye 3D yake jana. Dakika 50, kwa saa yake. Mtoto kaziba uso kwa mikono yote miwili, wamempa picha za goti na sikio, na wanamwambia arudi wiki ijayo bure. Nimemtumia uzi huu, anausoma sasa hivi.